Kuchelewesha ishara kwa shifti rejista: kwa nini ngazi 16 hazikupi vipindi 16 kamili

Kila anayeanza kujenga laini ya kuchelewesha kwa shifti rejista huuliza maswali yaleyale mawili. La kwanza: "Nimezidisha idadi ya ngazi kwa kipindi cha kloki, mbona nikipima napata pungufu?" La pili: "Mbona pigo nililoingiza linatoka likiwa na upana tofauti kila mara?" Maswali yote mawili yana jibu moja. Jibu hilo linaonekana vizuri zaidi ukilitazama kwa macho kwenye bredibodi, kloki ikiwa imepunguzwa mwendo hadi pigo moja kwa sekunde. Ndivyo tutakavyofanya hapa: tuanze polepole, kisha tupande hadi ucheleweshaji wa milisekunde 160 unaoweza kuutumia kwenye kazi halisi.

Vitu vya kuwa navyo

- Chipu mbili za 74HC164. Kila moja ni shifti rejista ya ngazi 8.
- Chipu moja ya 555 ya aina ya CMOS, kama TLC555 au ICM7555. Usichukue NE555 ya kawaida. Sababu utaikuta kwenye hatua ya 2.
- Rezista: kilo-omu 1 (vipande 17), kilo-omu 4.7 (vipande 2), kilo-omu 10 (vipande 2).
- Rezista ya kurekebisha, kilo-omu 5.
- Kapasita: mikrofaradi 100 ya elektroliti, mikrofaradi 1 ya filamu, nanofaradi 100 (vipande 3), nanofaradi 10 (kipande 1).
- Taa za LED 17, swichi mbili za kubonyeza, bredibodi, nyaya, na chanzo cha volti 5 kilichotulia.
- Multimita yenye kipimo cha hezi. Ukiwa na osiloskopu ya njia mbili, hatua ya mwisho itakuwa rahisi zaidi.

Nadharia kidogo tu

Shifti rejista ni mstari wa flip-flopu zilizopangwa moja baada ya nyingine, zote zikisikiliza kloki moja. Kila kloki inapopanda kutoka chini kwenda juu, kila flip-flopu inachukua kilichokuwa kwa jirani yake wa nyuma. Biti iliyoingia mwanzoni inasogea ngazi moja kwa kila pigo. Ndipo inapotoka kanuni ambayo kila mtu anaikariri:

```
ucheleweshaji = N × T
```

N ni idadi ya ngazi na T ni kipindi cha kloki. Kanuni hii ni kweli, lakini ina sharti ambalo mara nyingi halitajwi: ishara inayoingia iwe inabadilika kwa kufuata kloki hiyohiyo. Ishara inayotoka nje, kama swichi au kihisi, haijui kloki yako iko wapi. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, na utaliona kwenye hatua ya 6.

Hatua za kazi

1. Weka umeme kwanza. Kwenye 74HC164, pini 14 inaenda volti 5 na pini 7 inaenda graundi. Kwenye 555, pini 8 inaenda volti 5 na pini 1 graundi. Halafu, karibu kabisa na kila chipu, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya volti 5 na graundi. Usiiache hii kwa kuona kwamba mzunguko ni mdogo. Chipu inapobadilisha hali huvuta umeme ghafla, na bila kapasita hizo mtikisiko wake unaweza kuonekana kama pigo la ziada la kloki. Biti itaruka ngazi mbili kwa mpigo mmoja, nawe utatafuta kosa kwenye nyaya ambazo hazina kosa lolote.

2. Jenga kloki. Kwenye 555, unganisha pini 4 na volti 5. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya pini 8 na pini 7. Kati ya pini 7 na pini 6 weka kilo-omu 4.7 ikifuatiwa na ile rezista ya kurekebisha, zikiwa mfululizo. Unganisha pini 6 na pini 2 pamoja, kisha kutoka hapo shusha kapasita ya mikrofaradi 100 hadi graundi. Upande hasi uwe graundi. Pini 5 iende graundi kupitia nanofaradi 10. Kloki inatoka pini 3.

   Sasa kuhusu NE555. Ikipewa volti 5, tokeo lake la juu huishia karibu na volti 3.5 tu, na chipu za 74HC kwa volti 5 zinataka angalau volti 3.5 ili zikubali kwamba hiyo ni "juu". Yaani unasimama ukingoni kabisa: leo itafanya kazi, kesho itagoma. Aina ya CMOS inapanda hadi karibu na volti 5. Udhaifu wake ni kwamba haisukumi mkondo mwingi, kwa hiyo taa ya kuonyesha kloki kwenye pini 3 uiwekee rezista ya kilo-omu 4.7, si kilo-omu 1. Itawaka kwa mwanga hafifu, lakini utaiona.

3. Pima kipindi kabla ya kuendelea. Hesabu yake ni hii:

```
T = 0.693 × (RA + 2 × RB) × C
```

   RA ni ile kilo-omu 1, na RB ni jumla ya rezista zilizo kati ya pini 7 na 6. Kwa mikrofaradi 100, RB ikiwa karibu kilo-omu 6.7, T inakuwa sekunde 1. Hata hivyo usiitegemee hesabu peke yake. Kapasita ya elektroliti ya kawaida inaweza kuwa na tofauti ya asilimia 20 na thamani iliyoandikwa juu yake. Hesabu mara 30 ambazo taa inawaka huku ukitazama saa, halafu zungusha rezista ya kurekebisha hadi mara 30 zichukue sekunde 30.

4. Unganisha rejista ya kwanza. 74HC164 ina maingizo mawili, pini 1 na pini 2, na biti inayoingia ni "juu" pale tu zote mbili zinapokuwa juu. Tutatumia pini 1. Pini 2 iunganishe na volti 5. Pini 8 inapokea kloki. Pini 9 ni ya kufuta, nayo hufuta ikiwa chini, kwa hiyo ivute juu kwa rezista ya kilo-omu 10 na uweke swichi ya kubonyeza kati yake na graundi. Usiache pini yoyote ya kuingiza ikining'inia. Pini ya CMOS isiyounganishwa huokota chochote kilicho hewani, hata mkono wako ukiusogeza karibu.

   Matokeo ya ngazi yako kwenye pini 3, 4, 5, 6, halafu 10, 11, 12, 13, kwa mpangilio huo. Wengi hukosea hapa kwa kudhani baada ya pini 6 inafuata 7. Kwenye kila tokeo weka taa ya LED na rezista ya kilo-omu 1 hadi graundi.

5. Ongeza rejista ya pili. Pini 13 ya chipu ya kwanza iende pini 1 ya chipu ya pili, na pini 2 ya chipu ya pili nayo iunganishe na volti 5. Kloki ya chipu zote mbili itoke kwenye waya uleule, na uwe mfupi. Pini 9 zote ziunganishe pamoja ili swichi moja ifute zote. Sasa una ngazi 16.

   Usijaribiwe kuweka swichi ya kubonyeza mahali pa kloki ili "usogeze kwa mkono". Migusano ya swichi hudunda mara kadhaa kabla ya kutulia, na kila mdundo ni pigo la kloki. Biti itaruka ngazi tatu, mara nne, mara moja, bila mpangilio.

6. Weka ingizo, kisha tazama kwa makini. Swichi ya pili iwe kati ya volti 5 na pini 1 ya chipu ya kwanza, na rezista ya kilo-omu 10 kutoka pini hiyo hadi graundi. Ukiwasha umeme, baadhi ya taa zitawaka ovyo. Hilo ni la kawaida, kwa sababu flip-flopu hazina hali maalumu zinapoamka. Bonyeza swichi ya kufuta, zote zizime.

   Sasa bonyeza swichi ya ingizo na uishikilie hadi taa ya kloki iwake, kisha achia. Taa ya kwanza inawaka papo hapo kloki inapopanda, halafu mwanga unatembea, taa moja kwa sekunde, hadi taa ya 16.

   Kisha fanya jaribio ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu. Subiri taa ya kloki iwake. Mara tu ikishawaka, bonyeza na uachie haraka kabla haijawaka tena. Hakuna kitakachotokea. Rejista haikuona chochote, kwa sababu inafumbua macho mara moja tu kwa sekunde, pale kloki inapopanda. Kati ya hapo na hapo imelala. Rudia, ukibonyeza hivyo hivyo kwa haraka lakini bila kuangalia kloki: mara chache itashika, mara nyingi itakosa. Ukibonyeza kwa robo ya sekunde, nafasi ya kushikwa ni robo pia.

7. Hesabu ucheleweshaji kwa macho. Bonyeza muda mfupi kabla ya kloki kuwaka, na uhesabu sekunde hadi taa ya 16 iwake. Utapata kama 15. Kisha bonyeza mara tu baada ya kloki kuwaka, shikilia hadi iwake tena, na uhesabu tangu ulipobonyeza. Utapata kama 16. Chipu zilezile, kloki ileile. Kilichobadilika ni muda ambao ishara ilisubiri mlangoni kabla ya kuingizwa ngazi ya kwanza. Kuanzia hapo, kutoka ngazi ya 1 hadi ya 16 ni hatua 15, na hizo hazibadiliki.

   Kwa hiyo, kwa ishara inayotoka nje, kanuni kamili ni hii:

```
(N − 1) × T  ≤  ucheleweshaji  ≤  N × T
```

   Pengo la T moja ndilo kikomo cha upambanuzi wa laini yako, yaani kipande cha muda ambacho haiwezi kukigawanya zaidi.

8. Panda hadi milisekunde 160. Zima umeme, toa kapasita ya mikrofaradi 100, weka ya mikrofaradi 1 ya filamu. Kipindi kinashuka hadi karibu milisekunde 10. Macho hayatoshi tena, kwa hiyo weka multimita kwenye hezi katika pini 3.

   Wengi hapa hurekebisha hadi hezi 100 kamili, yaani T ya milisekunde 10, wakipata ucheleweshaji wa kati ya milisekunde 150 na 160. Wastani wake ni 155, siyo 160. Ukitaka 160 iwe katikati, gawa 160 kwa ngazi 15.5: T inakuwa milisekunde 10.32, ambayo ni karibu hezi 96.9. Rekebisha hadi hapo. Sasa ucheleweshaji utakuwa milisekunde 160, ukizidi au kupungua kwa takriban 5.

9. Hakiki. Kwenye osiloskopu, njia ya kwanza iweke kwenye ingizo na ya pili kwenye pini 13 ya chipu ya pili. Bonyeza swichi mara nyingi. Ukingo wa njia ya pili hautasimama mahali pamoja. Utatangatanga ndani ya upana wa milisekunde 10. Hiyo siyo hitilafu ya mzunguko wako.

Pigo moja, matokeo mawili

Swali la upana wa pigo linajibiwa na mfano huu. Tuchukue T ya milisekunde 10 ili namba ziwe nyepesi, kloki ikipanda kwenye 0, 10, 20, 30 na kuendelea. Pigo la kuingia lina upana wa milisekunde 24.

Mara ya kwanza linaanza kwenye 3 na kuisha kwenye 27. Kloki inalikuta likiwa juu kwenye 10 na 20. Kwenye 30 limeshaondoka. Ngazi ya 16 inapanda kwenye 160 na kushuka kwenye 180. Limetoka likiwa na upana wa milisekunde 20.

Mara ya pili linaanza kwenye 8 na kuisha kwenye 32. Kloki inalikuta kwenye 10, 20 na 30. Ngazi ya 16 inapanda kwenye 160 na kushuka kwenye 190. Limetoka na milisekunde 30.

Ingizo ni lilelile, ila limechelewa kuanza kwa milisekunde 5. Tazama pia kwamba mapigo yote mawili yametoka kwenye wakati uleule wa 160. Habari kwamba la pili lilianza baadaye imepotea mlangoni, na hakuna ngazi yoyote mbele inayoweza kuirudisha. Ndiyo maana kuongeza ngazi nyuma ya laini bila kugusa kloki hakusaidii upambanuzi hata kidogo. Kunaongeza ucheleweshaji tu.

Uchague ngazi ngapi?

Anza na kosa unaloweza kulivumilia, usianze na chipu ulizo nazo. Kosa hilo ndilo T kubwa kuliko zote unayoruhusiwa. Kisha gawa ucheleweshaji unaoutaka kwa T hiyo.

Tuseme ni zilezile milisekunde 160, lakini pengo lisizidi milisekunde 2.5. 160 kwa 2.5 ni ngazi 64. Kwa 74HC164 hizo ni chipu 8, na mimi nisingejenga hivyo. Chipu ya CD4517 ina rejista mbili za ngazi 64 kila moja, na ina matokeo kwenye ngazi ya 16, 32, 48 na 64. Nusu yake inamaliza kazi, na matokeo ya kati yanakupa ucheleweshaji mfupi zaidi bila kugusa kloki.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu anayetaka ucheleweshaji mrefu zaidi na kupunguza kasi ya kloki, akabaki na ngazi 16. Anaupata urefu, ila ukungu unarefuka pamoja nao. Ngazi 16 zikichelewesha sekunde 2, pengo ni kama sekunde 0.125, na pigo lolote fupi kuliko hapo linaweza kumezwa lote.

Upo pia upande wa kasi. Tokeo la 74HC164 huchukua takriban nanosekunde 20 kubadilika baada ya kloki kupanda. Kwenye T ya milisekunde 10 hilo ni bure kabisa. Kwenye kloki ya megahezi 10, T ni nanosekunde 100, na 20 hizo ni sehemu ya tano ya kipindi. Lazima uziingize kwenye hesabu.

Mambo yakienda kombo

*Mwanga unaruka ngazi mbili kwa pigo moja.* Kloki si safi. Angalia kapasita za nanofaradi 100 ziko karibu na chipu, na waya wa kloki ni mfupi. Kama kloki unaitoa mahali pengine, hakikisha inapanda haraka. Ikipanda taratibu kama kapasita inayojazwa, 74HC164 inaweza kuisoma mara mbili.

*Taa zote zinajifuta zenyewe mara kwa mara.* Pini 9 inaning'inia, au rezista yake ya kilo-omu 10 haijakaa vizuri kwenye bredibodi.

*Taa zinajaa zote na hazizimi.* Ingizo halina rezista ya kulishusha graundi, au imeunganishwa volti 5 kimakosa.

*Hakuna kinachoingia kabisa, kloki ikiwa inapiga.* Pini 2 haiko juu. Kama iko juu, pima pini 3 ya 555 bila taa ya kloki: taa yenye rezista ndogo huishusha.

*Taa ya 9 inawaka pamoja na ya 8.* Chipu ya pili inachukua ishara kutoka pini 12 badala ya 13.

*Kwenye kloki ya kasi, kubonyeza mara moja kunatoa mapigo kadhaa.* Ni mdundo wa swichi. Kwenye T ya sekunde 1 mdundo ulikuwa umefichwa kati ya kufumbua macho mara mbili. T ikishuka hadi milisekunde 1, rejista inauona na kuuchelewesha kwa uaminifu wote. Safisha ishara ya swichi kabla ya kuiingiza.

*Ucheleweshaji unasogea polepole kadiri mzunguko unavyopata joto.* Karibu kila mara ni kapasita ya kloki, hasa ya elektroliti. Weka ya filamu. Kama bado haitoshi, achana na 555 na utumie kristali yenye kigawanyi.

*Laini mbili zinazopokea ishara moja zinatofautiana kwa T moja.* Ishara ilibadilika karibu sana na kloki kupanda. Laini moja iliishika, nyingine ikaikosa hadi pigo lililofuata. Pitisha ishara kwenye flip-flopu moja ya kloki hiyohiyo kwanza, halafu tokeo lake ndilo lilishe laini zote mbili. Zitakubaliana, na ukipima kuanzia tokeo la flip-flopu hiyo hadi ngazi ya 16 utapata vipindi 16 kamili.